Tupeane uzoefu: barua ya mchango wa mahafali, hesabu inaonekana safi ila mfuko unauma

Mama_Uyole
Habari za jioni wadau. Mtoto karudi na barua kutoka kwa mwakilishi wa wazazi wa darasa la saba, mahafali wanafanya kabla ya mtihani wa Septemba. Naiweka hapa kama ilivyo afu mniambie nyie mliwahi kukutana na nini:

*"Ndugu mzazi/mlezi, watoto 64, wageni wawili kila mtoto, walimu na wageni rasmi 18, jumla watu 210. Pilau sahani 210 kwa 5,000 = 1,050,000. Soda kreti 18 kwa 15,000 = 270,000. Turubai, viti na meza = 350,000. Viti vya kukodi 210 kwa 500 = 105,000. Muziki na MC = 300,000. Keki = 120,000. Zawadi za walimu = 365,000. Jumla 2,560,000. Kila mtoto 40,000. Ni lazima. Mtoto ambaye mzazi wake hajakamilisha hataingia kwenye chakula."*

Hela naweza kuitafuta, ila hiyo sentensi ya mwisho imenikaa vibaya.

Kijana_wa_Kihesa
Hataingia kwenye chakula? Na pilau anaisikia harufu? Hahaha watu wana roho.

Mzee_wa_Mafiati
Michango ilishapigwa marufuku tangu elimu bila malipo ianze 2016. Mpeleke huyo mwakilishi kwa afisa elimu, kesho asubuhi.

Fundi_Bajeti
Mzee taratibu. Wazazi kukubaliana kuwafanyia watoto sherehe hakuna wa kuwakataza, shida ni hilo neno "lazima" na kumtoa mtoto kwenye foleni. Mkuu wa shule aulizwe kama hii barua ameiona kabla haijatoka, hapo ndo pa kuanzia.

Mi nimekuwa mweka hazina wa sherehe za darasa mara kadhaa huku Mbeya, nikiona barua ya hivi naanzia chini nakwenda juu. Angalia 2,560,000 gawa kwa 64, inatoka 40,000 kamili bila shilingi kubaki. Bei za sokoni huwa hazikai vizuri hivyo. Afu tafuta namba iliyokaa kivyake, karibu kote ni namba za kuzungusha ila zawadi ni 365,000. Huyu mtu alianza na arobaini kichwani, akajaza vitu, kilichopungua akakiweka kwenye zawadi. Simwiti mwizi, wengi tunafanya hivyo, lakini ujue zawadi haijapangwa, imebaki tu.

Pia viti vimelipwa mara mbili. Mwenye turubai anakuja na viti vyake, barua yenyewe imeandika "turubai, viti na meza", sasa hiyo 105,000 ya nini? Na soda, kreti ina chupa 24, kreti 18 ni chupa 432, yaani kila mtu mbili, hadi mgeni rasmi. Wape watoto mbili mbili, wakubwa moja moja, chupa 274, kreti 12 zinatosha na chenji. Hapo tu umeokoa 90,000, na viti 105,000.

Kijana_wa_Kihesa
Mzee wa mahesabu karudi 😂

Mama_Uyole
Aisee viti sikuviona kabisa. Asante kaka.

Baba_Pacha
Mi nina mapacha darasa moja. Nimeandikiwa 80,000. Wageni wawili kila mtoto maana yake mi na mke wangu tunahesabiwa watu wanne. Tule mara mbili?

Dada_Makambako
Baba Pacha lipa tu, si ulizaa wawili.

Baba_Pacha
Dada na wewe ulizaliwa mmoja ila kelele za wawili.

Fundi_Bajeti
Baba Pacha ana hoja. Nyumba yake ni sahani nne, wao wamehesabu sita, kwenye pilau tu ni 10,000. Wasipohesabu ndugu wanaosoma pamoja sahani zinabaki.

Ndaga_Tukuyu
Harusi ya mdogo wangu pia walituambia laki moja kila mtu, kadi ikaandikwa double, nimeenda mwenyewe, kadi nyingine nikampa jirani.

Dada_Makambako
Hii ni mahafali jamani, harusi peleka kwingine.

Mama_Gangilonga
Nyie mnaongelea viti. Ngojeni niwaambie ya kwetu Iringa, sitakaa niisahau. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mpole sana, tukakubaliana hela zitumwe kwenye namba yake ya simu, kila mtu 35,000 na ya kutolea. Watu wakaanza kutuma, yule mama anasema kwenye grupu "nimepokea, asante, nimepokea". Kumbe laini ile alikuwa amekopea, deni la mtandao lilikuwa limelala miezi, na kila hela ikiingia mtandao unakata kwanza deni lake ndo kinachobaki kinakaa. Yeye anasoma meseji ya kwanza tu, ya pili hasomi. Siku ya kumlipa mpishi advansi anafungua salio anakuta pengo la laki mbili na kitu. Akalia mbele yetu pale kwenye ngazi za shule. Baba mmoja akasema ni mwizi, mume wake akasikia, wakashikana mashati, mwalimu wa zamu ndo aliwaachanisha. Mpishi kaona hatuna hela kachukua kazi nyingine. Tukapika wenyewe, mvua ya Novemba (ilikuwa chekechea hii), kuni mbichi, wali ukatoka saa kumi na moja jioni, juu umeiva chini uji, watoto wameshalala na majoho yao.

Kijana_wa_Kihesa
Mume kashika shati la nani tena? Malizia.

Ndaga_Tukuyu
Na yule mama alilipa?

Mama_Gangilonga
Alilipa kidogo kidogo hadi mwaka uliofuata. Ila hatusalimiani na yule baba.

Mzee_wa_Mafiati
Ndo maana nikasema afisa elimu.

Dada_Makambako
Pesa taslimu tu, daftari na saini.

Fundi_Bajeti
Taslimu nayo inaliwa. Fungueni akaunti ya kikundi, watu watatu wa kusaini, kila Ijumaa mnabandika salio kwenye grupu. Mama wa watu hakuiba, laini ndo haikuwa safi.

Nirudi kwa Mama Uyole. Kosa kubwa la barua ni kugawa kwa 64. Darasa letu lilikuwa karibu hivyo, waliolipa kabla ya tarehe walikuwa kama robo tatu. Chukua 48, mara 40,000 ni 1,920,000. Bajeti ukitoa viti na soda za ziada ni 2,365,000. Zawadi ya walimu itolewe mwisho, kwenye kilichobaki, sasa ni milioni mbili kamili. Pengo ni 80,000, na MC wa 300,000 hata akipungua kidogo sherehe haifi. Ukipanga hivyo mtoto wa asiyelipa anakula na hakuna anayejua.

Dada_Makambako
Na sisi tuliolipa tuwalipie wengine?

Baba_Pacha
Si umesema tulipe tu.

Mama_Uyole
Nimempigia mwakilishi. Viti kakubali, kasema alikopi barua ya mwaka jana. Soda kakataa, eti wazazi watamsema mchoyo. Ile sentensi ya chakula atauliza kamati, kikao ni Jumamosi.

Ndaga_Tukuyu
Pilau sahani 5,000 nani huyo? Huku kwetu kilo ya mchele inakula watu sita hadi saba, nipigieni mimi nipike.

Mama_Gangilonga
Kuni uwe nazo kavu.