MREJESHO: Barua ya kumkata sapulaya aliyechelewesha madawati

Niliuliza: "Sapulaya kairudisha barua ya makato, anasema haelewi tunamkata nini, niiandikeje?"

Jamani asanteni, nimeiandika upya na kakubali. Ile ya kwanza ilisema tu "mtakatwa kulingana na mkataba", sasa nimeweka kifungu 14.2 neno kwa neno, asilimia 0.2 kwa siku ya thamani ya mzigo uliochelewa, halafu mwisho wa kuleta 3 Machi, delivari noti imesainiwa stoo 15 Machi, siku 12. Kosa langu kubwa nilipiga hesabu kwa mkataba mzima wa milioni 24 wakati yaliyochelewa ni ya milioni 8 tu, kwa hiyo 8,000,000 × 0.002 × 12 = 192,000, siyo 576,000. Delivari noti nimeambatanisha.