Tupeane uzoefu: uliyewahi kupinga makadirio ya kodi, ulipangaje ushahidi wako?

Mama Vifaa (Morogoro)

Wakuu habari za leo. Wengi mtaani wanaona makadirio yakishatoka ndiyo basi, ulipe au ufunge duka. Mimi nilipinga ya mwaka wa 2023 nikasikilizwa, ingawa si kwa yote. Naanza na yangu, na nyie leteni zenu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni nina dirisha la uwakala wa pesa za simu. Mwaka ule nilitangaza mauzo ya milioni 41.2. Kwa sisi wa kati ya milioni 11 na milioni 100, kodi mwaka huo ilikuwa asilimia 3.5 ya mauzo, kwa hiyo nililipa 1,442,000. Baadaye ofisa akaomba taarifa ya benki, akajumlisha kila shilingi iliyoingia akapata milioni 96.4, na yote akaiita mauzo. Ikaja barua ya nyongeza ya 1,932,000.

Nilitaka kuandika barua ya kulalamika, kwamba biashara ngumu, watoto wanasoma. Binamu yangu anayeandika hesabu za kampuni akaniambia, "Dada, ofisa hakukadiria shida zako, alijumlisha namba. Mjibu kwa kumwondolea namba mojamoja." Barua yote ikajengwa juu ya hilo.

Nilianza na milioni 96.4 yake mwenyewe, sikuja na jumla yangu. Kisha nikatoa. Kwanza mkopo wa milioni 15, uliingia siku moja kwa mkupuo: mkataba wa mkopo ukawa kielelezo cha kwanza, na ule mstari wa benki nikaupigia wino wa kijani. Pili milioni 12.6 nilizohamisha kutoka akaunti yangu nyingine: taarifa ya akaunti hiyo nikaibandika, tarehe ya kutoka huku na ya kuingia kule zinalingana. Tatu floti ya uwakala, milioni 22.8. Nne milioni 4.8 ya upatu.

Kwa kila kundi nikaandika salio linalobaki. 81.4, halafu 68.8, halafu 46.0, halafu 41.2. Yaani msomaji anashuka ngazi mpaka anafika kwenye namba niliyotangaza mwenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa floti, maana si mstari mmoja, ni mistari mingi ya laki mbili, laki tatu. Wateja wakiweka pesa kwenye simu zao, mimi nabaki na noti mkononi, floti inaisha. Nazipeleka zile noti benki, na muda mfupi baadaye nazihamisha kwenda kwenye laini ya uwakala. Nikatengeneza jedwali la safu nne: tarehe, iliyoingia benki, iliyotoka kwenda laini ya uwakala siku hiyohiyo, na ukurasa wa taarifa ya benki. Ofisa alichagua mistari ya hapa na pale akaifuata mwenyewe kwenye karatasi, ikakubali. Kamisheni niliitenga kwenye karatasi yake, kwa sababu yenyewe ni mapato kweli na ilikuwa inakatwa kodi kabla sijaipokea.

Matokeo: ya kwanza hadi ya tatu yalikubaliwa. Upatu ulikataliwa. Nitarudi kwenye hilo.

Kijana wa Mjini

Hongera mama. Ila hukutakiwa kulipa chochote mpaka kesi iishe. Ukishapinga deni linasimama. Na siku 30 zinahesabiwa tangu uisome ile barua, sio tangu waitume.

Mhasibu Mstaafu

Kijana, hapo umepata nusu. Siku 30 ni kweli, lakini zinaanza siku uliyofikishiwa, na kuiacha barua kwenye droo au kwenye barua pepe bila kuifungua hakukusaidii. Kama ulikuwa nje ya nchi au mgonjwa, unaomba kwa maandishi uongezewe muda, na unaambatisha hati ya safari au cheti cha hospitali.

Kuhusu kulipa: pingamizi halipokelewi mpaka uweke theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu usiyoipinga, inayozidi ndiyo unayolipa. Kamishna Mkuu anaweza kukupunguzia au kukusamehe hiyo amana kama una sababu nzito, lakini unaomba, hujipi mwenyewe. Nimeona mapingamizi mazuri yakifa kwa hili tu. Mtu ana vielelezo boksi zima, amana hakuweka wala hakuomba msamaha.

Mama Vifaa (Morogoro)

Kweli mzee wangu. Nilimuuliza ofisa theluthi ya kipi, akanipigia hesabu kwenye ile nyongeza: 644,000. Stakabadhi ya malipo nikaifanya karatasi ya kwanza kabisa, juu ya barua.

Baba Salma

Naomba kuuliza, hii inahusu na kodi ya jengo? Mimi nyumba moja ina mita mbili za Luku, nakatwa 1,500 kila mwezi kwenye kila mita. Nipinge vipi?

Mama Vifaa (Morogoro)

Baba Salma, hiyo ni habari nyingine kaka. Hapo hupingi makadirio, unapeleka namba za mita zote mbili na ushahidi kwamba jengo ni moja, waifute ya pili. Anza dawati la kodi ya majengo.

Baba Salma

Sawa. Ila zote ni kodi.

Gesti ya Stendi

Mimi yangu bado inaendelea. Nina nyumba ya kulala wageni ya vyumba 12. Ofisa alikuja siku ya mnada, vyumba vyote vimejaa. Akachukua vyumba 12 mara siku 365 mara 20,000, akapata milioni 87.6. Eti hiyo ndiyo mauzo ya mwaka!

Nilipeleka daftari la wageni. Akasema daftari naandika mwenyewe, naweza kuacha kuandika wageni. Nikaona ana hoja, nisiseme uongo. Nikatafuta kitu ambacho sikukiandika mimi. Vyumba sita vya nyuma vina mita yake ya Luku. Nikatoa historia ya manunuzi ya umeme, inaonyesha kuanzia Machi mpaka Mei, masika yale barabara ilipokatika, mita ya nyuma haikununua hata uniti moja. Nikaiweka sambamba na daftari la miezi hiyohiyo, nalo halina mgeni wa vyumba vya nyuma. Miezi ya mnada umeme unapanda, na daftari linapanda.

Huu ni mwezi wa nne nasubiri. Wananiambia faili liko mezani.

Kijana wa Mjini

Subiri miezi sita ipite kaka. Wasipojibu umeshinda moja kwa moja, sheria iko hivyo.

Wa Gikomba

Hiyo ni huku kwetu Kenya, na si miezi sita. Hapa unaweka pingamizi mtandaoni kwa iTax ndani ya siku 30, unalipa tu ile kodi hupingi, hakuna theluthi. Kamishna asipotoa uamuzi kwa siku 60, pingamizi limekubaliwa. Mimi lilinipata hivyo. Lakini siku hizo zinahesabiwa kama pingamizi lako ni halali na kamili. Wakikuandikia kwamba halijakamilika, ama wakuombe stakabadhi zingine, hesabu inabadilika, kwa hivyo kila barua pepe nilijibu siku hiyohiyo.

Mhasibu Mstaafu

Asante ndugu wa Gikomba, umenirahisishia. Gesti, nisikilize vizuri, usimfuate Kijana hapa. Kwetu Tanzania ni kinyume chake. Miezi sita ikipita tangu uwasilishe pingamizi bila uamuzi, makadirio yanahesabiwa yamethibitishwa, na wewe unapata haki ya kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Ukikaa ukisherehekea, muda wa rufaa unakupita. Uamuzi wa mwisho ukitoka, kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Weka alama kwenye kalenda sasa hivi.

Na ule utaratibu wako wa Luku ni mzuri kuliko unavyodhani. Mbele ya Bodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wako, si wa ofisa. Yeye hatakiwi kuthibitisha kwamba vyumba vilijaa siku 365. Kwa hiyo tanguliza karatasi iliyoandikwa na mtu asiye na faida kwenye kesi yako, kama umeme, maji, benki, halafu daftari lako lifuate kama linaloungwa mkono. Wewe ulitanguliza daftari, ndiyo maana mazungumzo yakaanza kwa shaka.

Ila ushahidi wako una mpaka. Luku inathibitisha vyumba sita kwa miezi mitatu. Haisemi lolote juu ya vyumba vya mbele, wala miezi tisa mingine. Usiombe makadirio yote yafutwe kwa karatasi hiyo. Omba kwanza kile inachofika: vyumba 6 mara siku 92 mara 20,000, ni 11,040,000 zitoke. Miezi mingine itafutie kitu kingine, mfano bili za dobi wa mashuka kama unafulisha nje.

Gesti ya Stendi

Dobi ninaye, ananiandikia kwenye kijidaftari chake idadi ya mashuka. Sikuwahi kulifikiria.

Mhasibu Mstaafu

Kaombe hilo daftari kabla halijatupwa.

Dada Upatu

Mama Vifaa rudi kwenye upatu. Sisi tuko wengi hapa tunaotunzia pesa za mchezo kwenye akaunti ya duka.

Mama Vifaa (Morogoro)

Tulikuwa watu 12, laki nne kila mwezi. Mwezi wa Agosti zamu yangu, nikaingiza milioni 4.8. Nilipeleka barua za wanachama wote, zimesainiwa. Ofisa akaziangalia akasema zote zina tarehe ya baada ya makadirio na zina maneno yaleyale. Akanitumia pendekezo: mauzo yawe milioni 46, kodi 1,610,000, yaani naongeza 168,000 tu juu ya niliyolipa. Nilikuwa na siku 30 za kujibu. Kwenda Bodi kwa 168,000 sikuona maana, nauli na mwanasheria vingezidi hapo. Nikakubali kwa maandishi, na amana iliyozidi, 476,000, ikahesabiwa kwenye kodi ya mwaka uliofuata.

Mhasibu Mstaafu

Ulikubali vyema. Ila kwa anayefuata: zamu ya upatu unaithibitisha kwa kilichotoka. Aliyepokea milioni 4.8 Agosti lazima alikuwa anatoa laki nne miezi mingine yote, tarehe zilezile, kwa mtu ambaye zamu ni yake. Chapisha hiyo miamala ya simu, ipange kwa miezi, halafu weka ile ya Agosti katikati yake. Barua za wanachama zije mwisho kabisa.

Dada Upatu

Na sisi tunaopeana noti mkononi pale kwa mweka hazina, kwenye daftari la shule?

Wa Gikomba

Huku chama kimesajiliwa na kina akaunti yake, hiyo shida hatuna sana.

Mhasibu Mstaafu

Dada, daftari lenye saini za kila mwezi, kwa wino na mikono tofauti, lililoanza kabla ya mwaka unaokadiriwa, ningelipeleka. Lakini nimeona ofisa mmoja akilikubali na mwingine kwenye ofisi hiyohiyo akilikataa, kwa hiyo siwezi kukuahidi.