Tivii inagoma video ya harusi: ninunue tivii ya 4K, boksi la Androidi, au nibadilishe faili?

Chuma_Tegeta: Wakuu, video ya harusi ya mdogo wangu inacheza vizuri kwenye laptopu, ila tivii inasema haiwezi kuisoma. Kesho nashuka Kariakoo. Nichukue kipi? Bi mkubwa anakuja kutoka Tanga na anataka kuiona.

fundi_sinza: Tivii gani, ya mwaka gani? Faili lina nini ndani? Lifungue kwa MediaInfo ubandike hapa, la sivyo tunapiga ramli.

MamaJunior: Badilisha jina tu, .mov iwe .mp4. Yangu ilikubali.

fundi_sinza: Dada, tivii nyingine huchuja kwa jina, ndiyo maana yako ilipita. Kilichomo hakibadiliki.

Chuma_Tegeta: Nimebadilisha jina, bado. Tivii ni ya 2016, siyo 4K.

```
Format         : AVC
Format profile : High 4:2:2@L4.1
Bit depth      : 10 bits
```

fundi_sinza: Tatizo ni hiyo mistari miwili ya chini. AVC ndiyo H.264, na tivii yako inaijua, ila chipu yake inasoma High ya biti 8 yenye rangi 4:2:0. Mpiga video kakupa faili la kuhariria. Laptopu inaimudu kwa sababu prosesa ndiyo inayofanya kazi yote. Tivii za 4K kwa kawaida zinakubali biti 10 zikiwa kwenye H.265 Main 10, lakini H.264 ya 4:2:2 nyingi zitaigoma vilevile. Hela yako itakwenda bure. Fanya hivi:

```
ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi.mp4
```

Baharia_Kigamboni: Boksi la Androidi, weka VLC, umemaliza.

Shangazi_Ubungo: Thubutu! Nililetewa boksi la bei chee, tukaweka hiyo VLC, wageni wameshakaa. Bibi harusi akawa anaingia ukumbini kwa kushtukashtuka, picha inaganda, MC ameshamaliza kutambulisha wazazi ndiyo yeye anafika mlangoni. Boksi likachemka, likajizima. Duka likakataa kulipokea.

Baharia_Kigamboni: Shangazi, ulichukua la RAM ndogo.

fundi_sinza: RAM haihusiki sana. Chipu ikishindwa, VLC inaitwisha prosesa mzigo wote, na prosesa za maboksi hayo ni dhaifu.

Mzaramo_Halisi: Yangu picha ipo, sauti hamna. MKV.

fundi_sinza: Angalia kama sauti ni DTS, tivii nyingi haziichezi. Picha iache ilivyo kwa `-c:v copy`, sauti igeuze AAC au AC3.

Chuma_Tegeta: Nimeanzisha, inaandika `speed=0.4x`. Video ni ya saa 3!

fundi_sinza: Saa 7 na nusu basi. Chomeka chaja.

MamaJunior: Si umwambie mpiga video akutolee upya, H.264 ya biti 8?

Chuma_Tegeta: Anataka hela nyingine.

Baharia_Kigamboni: Hana haki! Ulilipia video ya kutazama.

Shangazi_Ubungo: Mkataba mliandikishana?

Chuma_Tegeta: Mkataba wapi shangazi. Hivi tivii ya inchi 43 Kariakoo sasa hivi shilingi ngapi?