Tupeane uzoefu: jedwali la Excel linapovuka ukingo wa karatasi kwenye Word

Mweka Hazina: Habari zenu ndugu. Nilikuwa nikiandaa taarifa ya mwaka ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanakili kutoka Excel jedwali la safu 14, yaani jina, miezi 12 na jumla, nikalibandika kwenye Word na kuchapa nakala 40 bila kukagua. Mkutanoni mama mmoja aliweka kidole kwenye mstari wake, akaufuata hadi Agosti, kisha akauliza mbele ya wote akiba yake ya Septemba imekwenda wapi. Sikuwa na jibu, na wengine wakaanza kunong'ona. Nyumbani nilifungua faili, na kweli jedwali liliishia Agosti.

Mwanafunzi wa Uzamili: Pole sana. Yalinikuta kwenye kiambatisho cha tasnifu.

Karani Mstaafu: Safu hazikupotea, zimepita nje ya karatasi. Fungua `View`, kisha `Draft`, utaziona zote. Ukisharudi `Print Layout`, bofya ndani ya jedwali, nenda `Layout` ya jedwali, halafu `AutoFit` na `AutoFit Window`.

Mweka Hazina: Limeingia, lakini 50,000 imevunjika: "50," juu na "000" chini.

Mwalimu wa Hesabu: Punguza herufi tu, zitatosha.

Karani Mstaafu: Mwalimu, herufi peke yake hazitoshi. A4 iliyosimama yenye pambizo za sentimita 2.54 inabakiza takriban sentimita 16; ukitoa 3.5 za majina, kila safu kati ya 13 zilizobaki haifikii hata sentimita moja. Ilaze karatasi: chagua jedwali zima, fungua `Layout` ya ukurasa, `Margins`, `Custom Margins`, weka `Landscape`, na kwenye `Apply to` chagua `Selected text`, ili kurasa nyingine zibaki zimesimama. Rudia `AutoFit Window`, kisha weka herufi za ukubwa wa 9.

Fundi wa Stesheneri: Mimi nachapa moja kwa moja kutoka Excel. Kwenye `Page Layout`, weka `Width` iwe `1 page`.

Mweka Hazina: Ahsante, ila langu linapaswa kukaa katikati ya maelezo ya taarifa.

Katibu wa Kata: Libandike kama picha, yaishe.

Mwanafunzi wa Uzamili: Hapana, Katibu. Ukiibana picha ienee, maandishi nayo yanasinyaa hadi hayasomeki, na kosa la tarakimu moja linakurudisha Excel upya.

Katibu wa Kata: Hesabu zilizokwisha kupitishwa hazitakiwi kuguswa, ndiyo maana napenda picha.

Mweka Hazina: Nimeilaza, na Desemba na jumla zinaonekana. Tatizo ni kwamba namba ya ukurasa sasa imekaa kwenye ubavu mrefu wa karatasi, na nikijalada taarifa haitalingana na kurasa nyingine. Aliyewahi kuirekebisha anieleze, kwa kuwa kesho nampelekea yule mama nakala yake kabla ya wengine.