Ushauri: Ekseli inasema mafao yangu yana uwezekano wa asilimia 80 kudumu miaka 25. Nichukue 300,000 kwa mwezi?

MwalimuIpagala:
Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Ipagala hapa Dodoma, mwakani natimiza miaka 60 na kustaafu kwa lazima. Pensheni ya kila mwezi nimeipangia chakula, umeme na maji. Mkupuo, nikishamaliza deni la benki na kuezeka nyumba, utabaki kama milioni 60. Nyingi nataka kuweka kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu na kidogo kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Humo nitoe 300,000 kila mwezi kwa matibabu, ada ya mjukuu na michango, na kiasi hicho kipande kadiri bei zinavyopanda.

Mpwa wangu anasoma takwimu UDOM. Amenitengenezea shiti yenye mistari 1,000, kila mstari ni miaka yangu 25 ya kustaafu. Faida ya kila mwaka kompyuta inaiokota yenyewe kwa bahati nasibu, wastani asilimia 6 baada ya kutoa mfumuko wa bei, na mtawanyiko asilimia 9, yaani miaka mingi faida haiachani na wastani kwa zaidi ya pointi 9. Kwenye mistari 800 hela ilidumu miaka yote 25. Shemeji yangu anasema kwenye mtihani 80 ni A, kwa hiyo nisaini tu.

Mimi sijatulia. Kila nikibonyeza F9 namba inabadilika, mara 79, mara 81. Ipi ya kweli? Na hiyo 80 inaniahidi nini hasa?

KijanaMajengo:
Shikamoo mwalimu. Nakuomba sana, hela ya mafao usiiweke kwenye mambo ya bahati nasibu. Jirani yetu alimaliza kiinua mgongo chote huko, sasa anakopa mpaka nauli.

MwalimuIpagala:
Marahaba mwanangu. Hapana, hela haichezeshwi. Kinachobahatishwa ni hesabu tu, tuone miaka mibaya ikija itakuwaje.

MhasibuKisasa:
Namba inayumba kwa sababu mistari ni michache. Weka 10,000, itatulia, na hapo ndipo utaupata ukweli. Halafu usikubali chini ya asilimia 100, haya ni maisha ya mtu.

Mtakwimu_Dom:
Shikamoo mwalimu. Naomba kwanza mpwa wako aweke hapa fomula.

MwalimuIpagala:
Ameniandikia hivi. A2 mpaka A1001 ni milioni 60, AB1 ni 3,600,000, AB2 ni 0.06, AB3 ni 0.09. Ameivuta mpaka safu ya Z, kisha chini mpaka mstari wa 1001.

```
B2:  =MAX(0,(A2-$AB$1)*(1+NORM.INV(RAND(),$AB$2,$AB$3)))
AB5: =COUNTIF(Z2:Z1001,">0")/1000
```

Mtakwimu_Dom:
Kijana kajenga vizuri. Mhasibu yuko sahihi kuhusu kuyumba: kwa mistari 1,000 na jibu la 80, kupanda au kushuka kwa pointi mbili hivi ni kawaida, na ukiongeza mistari kuyumba kunapungua. Lakini kinachotulia ni jibu la swali lile lile. Kama wastani wa asilimia 6 si sahihi, mistari 10,000 itakupa jibu lisilo sahihi lililotulia vizuri.

Kwa hiyo acha F9. Badilisha AB2 iwe 0.04, usiguse kingine, uniambie imesoma ngapi.

MwalimuIpagala:
Mungu wangu. Imeshuka mpaka 47.

Mtakwimu_Dom:
Hapo ndipo penye shaka yako halisi, mwalimu. F9 inakutikisa pointi mbili, dhana ya pointi mbili tu kwenye faida inakutikisa zaidi ya thelathini. Na kati ya 6 na 4 hakuna mtu hapa jukwaani anayeweza kukuapia. Hatifungani inayolipa asilimia 12, mfumuko ukiwa 3 au 4, inakupa hata zaidi ya 6. Lakini riba yake haipandi bei zikipanda. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulikaribia asilimia 20. Mwaka wa namna hiyo, hatifungani yako ya 12 inakupotezea karibu asilimia 7 ya uwezo wa kununua.

Kuna jambo jingine shiti hailioni. Inaokota kila mwaka upya kana kwamba mwaka uliopita haukuwepo. Mfumuko hauendi hivyo. Ule wa 2011 haukuisha Desemba, mwaka 2012 wote bei ziliendelea kupanda kwa zaidi ya asilimia 10. Miaka mibaya hufuatana, na ikifuatana mwanzoni ndiyo inaumiza. Chukua mwaka wa kwanza umetoa 3.6, ukapoteza asilimia 10, na wa pili vivyo hivyo. Milioni 60 inakuwa 42.4. Sasa ile 3.6 ambayo ilikuwa asilimia 6 ya akiba imekuwa asilimia 8.5. Miaka hiyo hiyo miwili ikija ukiwa na umri wa miaka 82, haikufikii kwa namna ile, maana karibu kazi yote ya hela imeshafanyika.

Kwa hiyo 80 inasema hivi: ikiwa dhana hizi ni za kweli, na ikiwa utatoa kiasi kile kile bila kujali unachokiona, basi mistari 80 kati ya 100 inafika. Wewe utaishi mstari mmoja tu, na hakuna anayejua ni upi.

MkulimaHombolo:
Mimi nilipostaafu niliweka kwenye zabibu, heka mbili. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, na bei zikipanda na zabibu zinapanda. Hatifungani inaweza hivyo? Mwalimu, njoo Hombolo uone shamba.

MhasibuKisasa:
Mzee wangu, na mwaka ambao mnunuzi hatokei? Huo nao uwekwe kwenye mistari.

MkulimaHombolo:
Upo, sikatai. Ila shamba bado lipo.

MwalimuIpagala:
Asanteni, lakini magoti yangu si ya shamba tena. Nimejaribu 250,000. Kwa wastani wa 6 inasoma 95, kwa 4 inasoma 77. Mhasibu alisema nitafute 100. Nishuke mpaka wapi?

Mtakwimu_Dom:
100 usiitafute. Ili kuipata itabidi utoe kidogo sana, ujinyime dawa ukiwa na miaka 63 ili uache mamilioni ukiwa na 85. Tena 100 ya shiti nayo ni ndani ya dhana zake tu.

Angalia pia mistari iliyofeli imefeli lini. Iliyokwisha mwaka wa 24 na iliyokwisha mwaka wa 13 zote zinahesabiwa sifuri, lakini kwako ni maisha mawili tofauti. Na kwako kufeli si kulala njaa, kwa sababu pensheni haikomi. Ni kurudi kwenye pensheni peke yake.

Mimi ningeanza na 250,000. Kila Januari ningeingiza salio halisi kwenye safu yote ya A, nipunguze miaka iliyobaki, nisome upya kwa 4 na kwa 6. Ile ya 4 ikishuka chini ya 65, mwaka huo nisipandishe kiasi hata bei zikipanda.

MhasibuKisasa:
Hapo sikubaliani. Matibabu ndiyo yanayopanda kuliko vitu vingine, na ndiyo sababu anazitaka hizi hela. Utamwambiaje asipandishe?

Mtakwimu_Dom:
Ni hoja nzito. Pengine matibabu yatenganishwe na michango, michango ndiyo isubiri. Ila hiyo 65 ni kipimo changu mimi, mwingine angeweka 70.

MwalimuIpagala:
Michango kusubiri hapa mtaani ni kazi, lakini nimeelewa. Jumamosi mpwa atakuja, nitamwambia aongeze safu ya mwaka hela inapoisha, na afanye mwaka mbaya uweze kuvuta mwingine. Mtakwimu, hilo la pili linaandikwaje kwenye fomula?