Tupeane uzoefu: bei ya nje unaipimaje kwa hela yako kabla kadi haijakatwa?

Mpigahesabu: Mimi napima kwa kiwango cha kati, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sarafu, kile kinachotokea ukitafuta EUR na sarafu yako mtandaoni. Tuseme bei ni euro 80 na kiwango cha kati ni 40. Bei halisi ni 3,200. Mashine ya kadi ikikupa chaguo la kulipa "kwa hela ya kwenu" kwa 3,392, gawanya: 3,392 ÷ 3,200 = 1.06. Asilimia 6 imeshawekwa juu, na kwenye skrini imeandikwa kiwango tu, au asilimia kwa herufi ndogo.

Shangazi wa Pili: Duka la kubadilisha fedha mbona wanakataa kuniuzia kwa hicho cha kati?

Mpigahesabu: Hicho ni rula, shangazi, hakiuzwi. Wakinunua kwa 38.8 na kuuza kwa 41.2, katikati ni 40. Wewe unauziwa kwa 41.2, asilimia 3 juu.

Kalamu Kavu: Dawa ni kukataa tu ule ubadilishaji. Ukichagua euro hukatwi kitu.

Tarishi: Hapo umepata nusu. Ukichagua euro, anayebadilisha ni Visa au Mastercard, na kiwango chao huwa karibu na cha kati, tuseme 40.1. Inakuwa 3,208. Halafu benki yako inaongeza makato yake. Yakiwa asilimia 2, jumla 3,272. Bado umeokoa 120, lakini si bure. Kwenye ATM kitufe kinaandikwa "Continue without conversion" au "Decline conversion". Watu wanaogopa "Decline" wakidhani muamala utafutwa. Hela inatoka kama kawaida. Na kuna benki zinazokata ada ya muamala wa nje hata ukikubali hela ya kwenu, kwa sababu muuzaji yuko nje. Hapo unalipa mara mbili.

Kalamu Kavu: Basi nichukue kadi ya dola, yaishe.

Tarishi: Kwa bei ya dola, sawa. Kwa euro inabadilishwa tena. Na hizo dola ulizipata wapi? Benki ilikuuzia kwa bei yake ya kuuza. Ipime nayo kwa rula ileile.

Bi Mtulivu: Mimi nilipiga hesabu Jumamosi, steitimenti ikaja tofauti kidogo.

Mpigahesabu: Soko hufungwa Ijumaa usiku, kwa hiyo cha Jumamosi ni cha Ijumaa kimeganda. Na kadi inaweza kutumia kiwango cha siku muamala unapochakatwa, si siku uliyolipa. Visa na Mastercard wana kikokotoo kwenye tovuti zao: weka tarehe hiyo na asilimia ya benki yako, ndipo ulalamike.

Bi Mtulivu: Na nikirudishiwa hela wiki mbili baadaye, kiwango kipi?

Tarishi: Mara nyingi cha siku ya kurudisha. Makato ya benki kurudi au kutorudi, kila benki na yake. Mwenye mkataba wake karibu asome.