Mashine moja inavuta mstari mzima: niitoe kwenye hesabu au niiache?

Mwanzisha mada: Wadau, nina mashine sita za aina moja. Umri wake kwa miaka ni 1, 2, 3, 4, 5 na 15. Saa za matengenezo mwezi uliopita, kwa mpangilio huohuo, ni 6, 4, 5, 6, 4 na 15. Nikiweka zote kwenye regresheni napata mteremko wa 0.75 na R² ya 0.85, mambo mazuri. Nikiitoa ile kongwe, mteremko unakuwa -0.2 na R² inashuka hadi 0.10. Bosi anataka mlinganyo. Niitoe au nisiitoe? Naomba kuwasilisha.

Kamasi la Mbuni: Mkuu, hapo huna haja ya kuumiza kichwa. Kanuni ni moja: chochote kilicho mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu mitatu, kitoe. Kilicho ndani ya hapo, kiache. Mimi nafanya hivyo miaka yote na sijawahi kuulizwa.

Bi Mizani: Hujawahi kuulizwa kwa sababu kwenye data ndogo kanuni yako haijawahi kumkamata mtu. Piga hesabu uone. Wastani wa saa ni 6.67, mkengeuko sanifu 4.18, kwa hiyo ile 15 iko umbali wa mikengeuko 1.99 tu. Na hata angeandika saa 15,000 badala ya 15, isingefika mitatu. Pointi ikienda mbali inauvuta wastani na kuupanua mkengeuko huohuo unaoutumia kuipima. Kwa pointi sita, umbali mkubwa kabisa unaowezekana ni 5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 6, yaani 2.04. Mpaka uwe na pointi 11 ndipo mitatu inawezekana kwa mara ya kwanza. Umeweka mlinzi kipofu mlangoni.

Kamasi la Mbuni: Sawa dada, hilo nimelipokea, ingawa kwa data ya mamia ya safu bado naitumia. Basi tuangalie mabaki ya mstari, yaani kila pointi iko juu au chini ya mstari kwa kiasi gani, siyo wastani. Pointi yenye baki kubwa ndiyo mtoro. Mwanzisha mada, tuwekee mabaki.

Mwanzisha mada: Nimeyatoa kwa mstari wa pointi zote sita. Mashine ya mwaka 1: 2.35. Miaka 2: -0.41. Miaka 3: -0.16. Miaka 4: 0.09. Miaka 5: -2.67. Miaka 15: 0.80.

Kamasi la Mbuni: Unaona sasa? Kongwe haina tatizo lolote, imekaa karibu na mstari. Mwenye kosa ni ile ya miaka 5. Toa hiyo.

Bi Mizani: Hapa ndipo watu wengi wanapotumbukia, na naomba mnivumilie nieleze taratibu.

Kongwe iko karibu na mstari kwa sababu mstari umeifuata yenyewe. Wastani wa umri ni miaka 5. Mashine tano zimerundikana kati ya 1 na 5, moja iko peke yake kwenye 15. Huo ni wenzo: anayesukuma kwenye ncha ya mbali ananyanyua jiwe zima kwa mkono mmoja, aliye karibu na egemeo anatoka jasho bure. Nguvu ya wenzo ya pointi hupatikana kwenye umri pekee, saa za matengenezo haziingii kabisa. Mraba wa umbali wa kongwe kutoka wastani wa umri ni 100, jumla ya miraba ya zote sita ni 130, kwa hiyo nguvu yake ni 1/6 jumlisha 100/130, ambayo ni 0.936. Kikomo cha juu ni 1. Maana yake ukiipandisha kongwe kwa saa moja, mstari pale kwenye 15 unapanda kwa saa 0.936. Pointi yenye nguvu hiyo haiwezi kuwa na baki kubwa hata ikitaka, kwa hiyo kuwa karibu na mstari si ushahidi wa kutokuwa na kosa.

Swali la haki ni hili: mstari usioijua kongwe ungesema nini kuhusu mashine ya miaka 15? Huhitaji kuurudia mstari. Chukua baki, gawanya kwa 1 toa nguvu ya wenzo. Hapa ni 0.795 gawanya kwa 0.0641, unapata 12.4. Yaani zile tano zinatabiri saa 2.6, yenyewe imetumia 15. Ile 0.80 ilikuwa imevaa barakoa. Kwenye programu ya takwimu ya R, amri ni hizi:

```
x <- c(1, 2, 3, 4, 5, 15)
y <- c(6, 4, 5, 6, 4, 15)
m <- lm(y ~ x)
hatvalues(m)
rstudent(m)
cooks.distance(m)
```

Amri ya mwisho ni kipimo alichokitoa Cook mwaka 1977. Kinapima matokeo ya mstari yanahama kiasi gani pointi ikiondoka. Wengi huanza kushtuka kikifika 1. Kongwe inatoa karibu 21.

Darubini: Kama ni 21, basi kesi imekwisha. Itolewe.

Bi Mizani: Ishirini na moja inakwambia kwamba jibu lako lote limening'inia kwenye pointi hiyo. Haikwambii kwamba pointi ni mbovu. Angalia amri ya katikati, `rstudent`, inayougawanya umbali ule wa 12.4 kwa kosa sanifu la utabiri wenyewe. Kwa kongwe inatoa 2.87. Ukiwa na digrii 3 za uhuru, kizingiti cha asilimia 5 ni 3.18. Haijafika! Na kizingiti hicho ni cha mtu aliyeichagua pointi kabla ya kuiona data. Sisi tumeichagua baada ya kuiona imejitenga, kwa hiyo tungepaswa kudai zaidi.

Mwanzisha mada: Samahani, hapo nimepotea. Umbali wa saa 12.4, halafu kipimo kinasema si ajabu?

Bi Mizani: Kwa sababu zile tano hazina mamlaka ya kusema lolote kuhusu miaka 15. Zimeishia 5. Ukiurefusha mstari wake mpaka 15, mashaka yanatanuka kama feni: kosa sanifu la utabiri pale ni kama saa 4.3. Hata saa 15 zinaweza kutokea ndani ya mashaka hayo. Kwa hiyo data haijui kama kongwe ni mtoro au ni shahidi pekee wa kweli. Huwezi kuikamua data ikupe kitu isichonacho.

Mzee wa Maabara: Mimi niseme langu. Miaka ile nikiwa mwanafunzi nilikuwa na pointi 24. R² ilikuwa 0.61, nikatoa yenye baki kubwa kuliko zote, ikapanda. Nikafanya regresheni upya, pakatokea nyingine kubwa kuliko zote, nikatoa. Nilipofika pointi 17, R² ilikuwa 0.95 nami nikafurahi sana. Kila ukitoa, mtawanyiko unapungua, na pointi iliyokuwa ya kawaida jana leo inaonekana jitu. Msimamizi aliniuliza swali moja tu: hizo saba zina nini kwa pamoja? Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba zilinikera. Mpaka leo sitoi pointi yoyote. Hata moja.

Darubini: Mzee, na wewe umezidi upande wa pili. Kuna data ambayo ukikataa kutoa unapata uongo mtupu. Chukua kundi la nyota la CYG OB1, data maarufu kwenye fani hii, nyota 47, joto la uso dhidi ya mwanga, vyote kwa logi. Kwenye R imo ndani ya kifurushi cha `robustbase`, inaitwa `starsCYG`. Nyota zote zikiingia, mteremko ni -0.41: nyota yenye joto zaidi ina mwanga hafifu zaidi. Wanaastronomia wangecheka. Kinachovuta ni nyota nne kubwa sana zenye joto la chini na mwanga mkali. Zikitoka zote nne, mteremko unageuka kuwa chanya.

Na hapa Bi Mizani ana deni. Kutoa pointi moja moja, kama vipimo vyako vyote vinavyofanya, hakutoshi pale. Ukitoa jitu moja, mengine matatu yanabaki yameshikilia mstari uleule. Yanafichana. Kwa data ya namna hiyo huwa naanza na regresheni inayostahimili pointi potofu, halafu natazama nani kaachwa mbali na mstari huo.

Bi Mizani: Deni nimelikubali. Vipimo vyangu vinamkamata mwizi mmoja, wanne wanaosaidiana wanaweza kupita. Ila angalia kilichotupa ruhusa ya kuzitoa nyota zile. Hazina kosa la kipimo. Ni nyota halisi za aina nyingine, ziko katika hatua nyingine ya maisha ya nyota. Ukiuliza kuhusu nyota za mfuatano mkuu, hazihusiki. Ukiuliza kuhusu kundi zima la CYG OB1, kuzitoa ni kuficha habari. Ruhusa imetoka kwenye swali, siyo kwenye ukubwa wa namba. Kwa hiyo, mwanzisha mada, swali langu kwako: zile saa 15 ziliandikwaje?

Mwanzisha mada: Nimerudi baada ya kufungua daftari la fundi. Kumbe kongwe mwezi ule ilikuwa na ukarabati mkubwa wa ratiba, saa 9. Matengenezo ya kawaida yalikuwa saa 6 tu.

Kamasi la Mbuni: Si nilisema! Toa.

Bi Mizani: Kutoa kwa nini? Umepata namba sahihi, itumie. Bosi akitaka matengenezo ya kawaida, weka 6 mahali pa 15. Mteremko unakuwa kama 0.06, karibu bapa. Na kongwe bado ina wenzo uleule wa 0.936, kwa sababu umri wake haujabadilika. Sasa wenzo huo unakufaa, ndio unaokupa habari za mashine kuukuu.

Mzee wa Maabara: Taratibu. Umefungua daftari la kongwe kwa sababu ilikukera. Za wengine tano umefungua? Kama ile ya mwaka 1 nayo saa zake 6 zina ukarabati ndani, umesafisha upande mmoja tu, na mstari bapa umejitengenezea mwenyewe.

Mwanzisha mada: Nimeangalia. Mbili hazina ukarabati. Tatu zilizobaki, fundi kaandika jumla tu, hakutenganisha.

Darubini: Basi mimi ningempa bosi mistari miwili kwa pamoja, wenye 15 na wenye 6, na kumwambia wazi tofauti inatoka kwenye safu gani.

Mzee wa Maabara: Mimi nisingempa hata mmoja. Pointi sita, tatu zina shaka. Mpe jedwali alione.

Mwanzisha mada: Bosi hataki jedwali, mzee. Ngoja nimtafute fundi kwanza, pengine anakumbuka.